Jina la mtu wa Uganda halisomwi kwa macho

Dhana: Ajuaye kusoma Kiswahili hana haja ya kuuliza, kwani jina hutamkwa lilivyoandikwa.

Ukweli: Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa Kampala. Kwa Kiganda, "ky" husikika kama "ch" yetu, kwa hiyo Kyeyune ni Cheyune. Hata "k" ikifuatwa na "i" hulainika, Kintu akawa Chintu. Herufi iliyorudiwa mwanzoni, kama ya Jjuuko, hukazwa kidogo kabla ya kuachiliwa. Ukifika Gulu, mambo yanageuka tena. Waacholi huandika "c" pale sisi tunapoandika "ch", hivyo Ocen ni Ochen, si Oseni wala Okeni.

Dhana: Kumwomba mtu arudie jina lake ni kumvunjia heshima.

Ukweli: Tooro na Bunyoro, magharibi mwa Uganda, watu huulizana empaako, yaani jina la heshima na upendo, wakati wa kusalimiana. Bila kujua kama mwenzako ni Amooti, Abwooli au Akiiki, salamu haijakamilika. Kinachoudhi ni kitu kingine: "Nipe lile rahisi, la dini." Hapo umeshamwambia kwamba jina alilopewa na ukoo wake linakusumbua.

Dhana: Ukisema "rudia tena" imetosha.

Ukweli: Atarudia lote kwa kasi ileile, nawe utapotea palepale. Taja ulichokishika, uliza kilichobaki. Tuseme uko kwenye duka la jumla Kikuubo, Kampala, unamwandikia mteja risiti:

— Samahani ssebo, mwisho nimeusikia, "yune". Mwanzo unatamkwaje?

— Che. Cheyune.

— Cheyune. Naandika kwa k na y?

— Eeh, hivyo hivyo.

Kosa limebaki kwenye sikio lako, jina lake halikuguswa. Lakini usimalizie kwa "nimepatia?" Ukiuliza hivyo, wengi watakujibu "kale", yaani sawa, kwa adabu tu, hata kama umeliharibu. Afadhali umpe njia mbili achague: "Ni Jjuuko, au Juko?" Tega sikio pia kwa jibu la "ndiyo" linalofuatwa na jina lenyewe, likitamkwa polepole. Huko ni kusahihishwa kwa upole, basi lirudie alivyolitamka yeye.

Kama nyuma yake kuna foleni, jaribu mara moja, mhudumie, kisha muulize pembeni. Somo la matamshi mbele ya watu kumi humchosha yeye kuliko wewe. Ukishalipata, andika kwenye simu kandokando ya namba yake vile unavyolisikia, "Che-yu-ne", ila kwenye risiti liache lilivyo kwenye kitambulisho chake.

Wala usije ukageuka mwalimu. Kuna akina Kizito wanaojiita kwa "k" kavu kabisa, hasa waliokulia nje ya Buganda. Ukikutana na mmoja wao, kanuni ya Kiganda iweke mfukoni, mwite anavyojiita.