Ibn Abbas yupo pande zote mbili

Ujumbe ule ule umenifikia tena, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wa darasa langu la tafsiri: "Ustadh, si Ibn Abbas kasema mwanamke afunike uso aache jicho moja tu? Sasa mnajadili nini?" Chini yake mtu mwingine kajibu kwa ukali kwamba Ibn Abbas huyo huyo kasema uso na viganja havina neno, kwa hiyo nikabu ni uzushi. Wote wawili wamenukuu kitu ambacho kweli kimo vitabuni. Kinachonichosha ni ile imani wanayoshirikiana bila kujua, kwamba ukishataja jina la sahaba mlango umefungwa, na kwamba wafasiri wa zamani walisema kwa sauti moja.

Nianze na kufunika kichwa, maana hapo sitakaa. Katika Sura Nur, aya ya 31, waumini wanawake wameambiwa washushe khimari zao juu ya vifua. Kila mara hujitokeza wa kusema, "Mbona kichwa hakikutajwa?" Mfasiri Qurtubi ameeleza hali ilivyokuwa: wanawake wa zama zile walikuwa wakijifunika kichwa kwa khimari, kisha wanazitupa ncha zake mgongoni, shingo na kifua vikabaki wazi. Amri ikaja kuzirudisha ncha hizo mbele. Nguo tayari iko kichwani, aya inazungumzia pale pasipofunikwa. Katika Bukhari, Bi Aisha anawasifu wanawake wa Kimuhajirina kwamba aya hii iliposhuka walichana mashuka yao wakajitanda nayo. Kwa wafasiri wa kale, kichwa cha mwanamke huru hakikuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa uso, na hapo ndipo watu wanapokosea.

Fungua tafsiri ya Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, yaani 923. Kwenye aya hiyo ya 31 kuna maneno yanayosema wasidhihirishe mapambo yao "isipokuwa yanayodhihirika". Yanayodhihirika ni yapi? Tabari anapanga kauli moja baada ya nyingine. Ibn Masuud, naye sahaba, anasema ni nguo, yaani vazi la juu ambalo huwezi kulificha. Ibn Abbas anapokewa akisema ni wanja na pete, na katika njia nyingine ya mapokezi uso na viganja. Mwisho Tabari anachagua: uso na viganja ndiyo kauli iliyo karibu zaidi na usahihi. Hoja yake inatoka kwenye sala. Wanazuoni wameafikiana kwamba mwanamke katika sala hufunika uchi wake wote, yaani kila sehemu ya mwili inayopasa kusitiriwa, na wameafikiana pia kwamba anaweza kufunua uso na viganja. Basi uso na viganja si uchi, na kisichokuwa uchi si haramu kukidhihirisha.

Hapo mtetezi wa uso wazi hufunga kitabu. Asifunge. Asonge mbele hadi Sura Ahzab, aya ya 59, ambamo Mtume ameamrishwa awaambie wake zake, binti zake na wanawake wa waumini wajiteremshie jilbabu zao, yaani vazi pana la juu. Huko ndiko kunakotoka lile jicho moja. Ali bin Abi Talha anapokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba wafunike nyuso zao kutoka juu ya vichwa, wabakishe jicho moja. Kuna na riwaya ya Abida Salmani, ambayo naipenda kwa namna ilivyohifadhiwa. Ibn Sirin anasema Abida alimwonyesha kwa vitendo: akachukua shuka lake, akajitanda, akafunika pua na jicho la kushoto, akaacha la kulia, na upindo wa juu akaushusha hadi kwenye nyusi. Ibn Sirin akamwonyesha Ibn Aun vile vile, na Ibn Aun akawaonyesha wanafunzi wake. Tafsiri nzima imepita kutoka mwili hadi mwili.

Lakini Tabari hakuishia hapo. Katika aya hiyo hiyo analeta kundi la pili linalosema maana ni kuifunga jilbabu juu ya paji la uso, bila kufunika uso. Qatada yumo katika kundi hili. Na nani mwingine? Ibn Abbas, kwa njia nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kusema "Ibn Abbas kasema", uliza ni nani aliyemsikia. Ali bin Abi Talha hakukutana na Ibn Abbas, mapokezi yake yamekatika hapo katikati, ingawa wanazuoni wengi wameyategemea katika tafsiri. Njia ya paji la uso inapita kwa ukoo wa Aufi, na wanahadithi wameihesabu dhaifu. Nani kati yao ametufikishia alichosema Ibn Abbas hasa? Mimi sina jibu ninaloweza kuliapia, na simwelewi mtu anayelitoa kwa dakika moja.

Ibn Taymiyya alijaribu kusuluhisha kwa mpangilio wa wakati: mwanzo wanawake walikuwa wakitoka nyuso wazi, kisha ikashuka aya ya jilbabu, kwa hiyo Ibn Abbas kaeleza hali ya kwanza na Ibn Masuud hali ya mwisho. Ni hoja nzuri, lakini inanipa taabu. Aya za kusingiziwa Bi Aisha zimo katika Sura Nur, naye mwenyewe anasema kisa kile kilitokea baada ya kushuka aya ya hijabu iliyomo Ahzab. Kumbe angalau sehemu ya Nur ilishuka baadaye. Hilo halithibitishi lolote kuhusu aya ya 31 peke yake, maana sura haikulazimika kushuka kwa mkupuo mmoja, ila linatosha kunizuia nisiujenge uamuzi wote juu ya tarehe.

Na Tabari mwenyewe? Kwenye Ahzab anafasiri kwamba wanawake wa waumini wasijifananishe na wajakazi kwa kuacha wazi nywele na nyuso zao. Nyuso! Mtu yule yule aliyesema katika Nur kwamba uso unaweza kudhihirishwa. Wengine hulinganisha kwa kusema Nur ni hukumu ya uchi, na Ahzab ni hukumu ya kutoka barabarani mahali penye maudhi. Inawezekana. Yeye hakusema hivyo.

Hilo la wajakazi ndilo watu wa jumbe wanalolikwepa kabisa. Aya inatoa sababu: "ili wajulikane wasiudhiwe". Wafasiri wengi wa mwanzo walielewa ni kujulikana kwamba huyu ni huru si mtumwa, kwa kuwa watu waovu wa Madina waliwaandama wajakazi usiku. Wapo leo wanaosema utumwa umekwisha, basi na hukumu imekwisha. Wanasahau kwamba aya ya Nur haikutaja sababu hiyo. Lakini nao wanaowajibu hawawezi kujifanya tafsiri hiyo haikuwepo, imejaa tele vitabuni. Ibn Hazm aliipinga kwa ukali, akiona ni uovu kudhani dini ya Mwenyezi Mungu ingewaachia mafasiki njia ya kuwaudhi wajakazi wa Kiislamu. Abu Hayyan wa Granada, aliyefariki mwaka 745 Hijria, akasema "wanawake wa waumini" ni wote, huru na watumwa. Na kwa kuwa wajakazi ndio wanaotoka na kuzunguka zaidi, anayetaka kuwatoa katika aya ndiye anayedaiwa ushahidi ulio wazi.