Kimbalaiti ni gari tu, almasi ni abiria

Nilikuwa Maganzo, Shinyanga, kwenye meza ya chai jirani na stendi, kijana mmoja akaja akafungua karatasi ya nailoni na kumwaga mawe matatu mbele yangu. "Injinia, nitazamie." Mimi si injinia, ni mjiolojia, lakini Maganzo kila mwenye buti na nyundo ni injinia, na nimeshaacha kubisha.

Jiwe la kwanza lilikuwa jeupe, ndilo alilolitegemea. Lilikuwa kwatzi. Nilimwonyesha namna lilivyomeguka kwa mkunjo wa duara kama kipande cha chupa, akanuna. La pili lilikuwa jeusi na zito, la tatu dogo kama punje ya mtama, na ukiliinua juani linatoa rangi ya juisi ya choya. Hayo mawili alikuwa ameyaokota bure tu, "yanakujaga pamoja na mchanga." Nikamwambia kama ningekuwa natafuta almasi, nyeupe ningeitupa na hizo mbili ningeziuliza zimetoka shimo gani.

Nyeusi ilikuwa ilimenaiti, na hiyo ya choya ganeti. Hazina bei ya maana sokoni, ila zimepanda kutoka chini sana, ndani ya gari lile lile ambalo almasi hupanda. Gari lenyewe ni mwamba uitwao kimbalaiti, uliopewa jina la mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Kosa ninalolisikia kila siku, hata kwa watu waliosoma, ni kudhani kimbalaiti ndiyo iliyotengeneza almasi. Haikutengeneza. Iliipitia njiani tu.

Tuanze chini. Ganda la dunia chini ya Shinyanga lina unene wa kilomita 40 hivi. Chini yake ni koti la dunia, ambalo ni mwamba mgumu wenye madini mengi ya kijani yaitwayo olivini. Sehemu kubwa ya katikati ya Tanzania imekalia kratoni, yaani kipande cha bara cha kale sana, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kratoni ina kitu ambacho ardhi changa haina: mkuku, kama wa jahazi, uliozama ndani ya koti hadi kilomita 150 na zaidi. Mkuku huo ni wa baridi ukilinganisha na koti linaloizunguka. Baridi ya huko, lakini, ni nyuzi kama 1,000 za sentigredi.

Hapo ndipo penye hesabu ya almasi. Kaboni ina sura mbili, kinywe, ile nyeusi ya ndani ya penseli, na almasi. Joto likizidi, kinywe hupendelewa, na mgandamizo ukizidi ni zamu ya almasi. Ndani ya mkuku, kwa kuwa joto ni la wastani, mpaka kati ya sura hizi unavukwa kwenye kina cha kilomita 140 au 150, ambako mgandamizo unafika takriban mara 45,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Juu ya mstari huo kaboni inakaa kama kinywe, ile ile inayopatikana Mahenge. Chini ya mstari, almasi.

Na kaboni yenyewe haitoki kwenye makaa ya mawe, hadithi hiyo tuiweke kando. Makaa ni mimea, na almasi nyingi ziliganda kabla dunia haijaona mti wowote. Inakuja na majimaji ya moto yanayopenya kwenye nyufa za mwamba yakiwa na kabonidayoksaidi au methani. Yakikutana na mwamba wenye hali tofauti ya oksijeni, au yakipoa, yanashindwa kuibeba kaboni na kuiacha pale, tabaka juu ya tabaka, kama chumvi inavyoganda kwenye majaruba. Fuwele ikikaa vizuri inatokea kama piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako.

Tunajuaje umri wake? Kaboni ya almasi haisemi umri, lakini wakati ikikua humeza punje za jirani zake, ganeti au madini ya salfa. Sonara anaziita uchafu. Kwetu ni cheti cha kuzaliwa, kwa sababu punje iliyofungiwa ndani inaweza kupimwa. Ganeti zilizotolewa kwenye almasi za Kimberley zilipimwa miaka ya 1980 na kutoa umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Kimbalaiti iliyozileta juu ina miaka milioni 90 hivi. Abiria alishakaa kituoni karibu miaka bilioni 3 kabla gari halijafika.

Sasa tatizo ni kutoka. Almasi ikipandishwa taratibu inavuka ule mstari ikiwa bado na moto mkali, inapata muda, na inageuka kinywe. Hili si la kukisia. Kaskazini mwa Morocco, mahali paitwapo Beni Bousera, kipande cha koti kilisukumwa juu polepole na mienendo ya mabara. Ndani yake kuna vipande vya kinywe vyenye umbo la piramidi mbili, kitako kwa kitako. Umbo ni la almasi, lakini ukikikwaruza kwenye karatasi kinaandika kama penseli.

Kwa hiyo gari lazima liwe la mwendo. Makadirio mengi ya kimbalaiti yanaangukia kati ya mita 4 na 20 kwa sekunde. Chukua mita 10: hiyo ni kilomita 36 kwa saa, bodaboda yenye abiria wawili kwenye barabara ya vumbi. Kutoka kilomita 150 chini, safari inachukua saa nne na dakika kumi. Ni kama umbali wa Shinyanga hadi Mwanza, ila basi litakupita. Ukichukua mita 4, ni saa kumi na kidogo. Kwa vyovyote ni safari ya siku moja, na kwa jiolojia huo ni mwendo wa kichaa.

Mwendo unatoka wapi? Uji wa kimbalaiti, yaani mwamba ulioyeyuka, huanza na silika kidogo sana na gesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake, kabonidayoksaidi hasa. Ukipanda unang'oa vipande vya koti na kuvivunja. Kati ya madini yaliyomo kuna moja, othopairoksini, ambalo uji huo unalila. Likiyeyuka, linauongezea uji silika, na uji wenye silika zaidi hauwezi kushika gesi kama mwanzo. Gesi inatoka, uji unakuwa povu, povu ni jepesi, linapanda kwa kasi na kung'oa mwamba zaidi, ambao ukiliwa unafanya gesi zaidi itoke. Ni maelezo yaliyotolewa baada ya majaribio ya maabara, na mimi nayakubali kwa sababu yanafafanua jambo moja linaloonekana kwa macho: kimbalaiti imejaa olivini, lakini othopairoksini, ambayo ni nyingi kotini, huioni kwa urahisi. Imeliwa njiani.

Abiria naye haachwi salama. Uji huo wa moto wenye gesi unaitafuna almasi kuanzia kwenye kona. Piramidi mbili zenye ncha kali zinaishia kuwa tufe lenye nyuso zilizopinda, na jiwe lililofika hapo huwa limepoteza karibu nusu ya uzito wake. Ukipata almasi ghafi ambayo uso wake bado haujaliwa wote, iweke chini ya lupu ya mara kumi. Utaona vishimo vidogo vya pembetatu, na kila kishimo kimegeuzwa kinyume na pembetatu ya uso wenyewe, ncha ya kishimo ikitazama ubavu wa uso. Kioo hakina hayo. Kijana wangu wa Maganzo nilimwonyesha picha yake kwenye simu, akaikuza mpaka ikapasuka.

Kwa sehemu kubwa ya safari njia ni ufa mwembamba, mara nyingi wa mita moja hivi. Ni kilomita mbili au tatu za mwisho ndipo gesi inapotanuka kwa fujo, na kama kuna maji ya ardhini yanaongeza mlipuko. Mwamba unapasuka kuelekea juu na kuacha bomba lenye umbo la karoti, mdomo mpana na mkia mwembamba, likijazwa na vifusi vinavyorudi kuanguka ndani.

Mwadui, kimbalaiti ya Shinyanga yenye mgodi wa almasi, aliyoigundua mjiolojia John Williamson mwaka 1940, inafaa kusomwa ukiwa na karoti hiyo kichwani. Eneo lake juu ni hekta 146, mara 200 hivi ya kiwanja cha mpira. Wageni wakisikia hivyo hudhani chini kuna hazina isiyo na mwisho. La hasha. Mwadui ni pana kwa sababu tunaangalia mdomo wenyewe. Mlipuko ulitokea takriban miaka milioni 50 iliyopita na mmomonyoko haujaondoa mengi, kiasi kwamba ndani ya kreta bado kuna mashapo ya ziwa lililotuama humo baadaye. Kimberley sehemu ya juu ilishachongwa na mmomonyoko, wao wakaanzia kwenye mwili wa karoti. Mdomoni kimbalaiti imechanganyika na grainaiti iliyoporomoka kutoka kando na tope la ziwa, kwa hiyo almasi zimezimuliwa: katika miaka ya karibuni ni karati 6 hivi kwa tani 100 za mwamba. Karati moja ni gramu 0.2. Yaani gramu moja na ushee ndani ya mzigo wa malori kadhaa, na ndiyo maana mgodi unaishi kwa wingi wa tani, si kwa utajiri wa mwamba.

Na magari mengi yalipanda matupu. Katika kratoni yetu zimeshapatikana kimbalaiti nyingi, zenye almasi ya kuchimbwa ni chache mno. Pengine ufa haukupita palipokuwa na almasi, pengine zililiwa zote njiani. Hapo ndipo ganeti ya choya inapopata kazi. Yenye kromiamu nyingi na kalsiamu kidogo ilitoka kwenye mwamba wa aina ile ambayo almasi hupenda. Jicho haliwezi kusema hivyo, lazima punje ipelekwe maabara, na hata ikifaulu inakuambia gari lilipita kituoni, haikuambii kama abiria alipanda.

Anayetaka kuona jinsi mambo haya yanavyofanana yakiwa bado mabichi aende vilima vya Igwisi, mkoani Tabora. Ni volkano tatu ndogo za kimbalaiti, na kipimo kilichofanyika kinazipa umri wa miaka 12,000 hivi, changa kuliko kimbalaiti nyingine yoyote tunayoijua duniani. Hakuna mgodi pale. Lakini kuna lava iliyotiririka, kitu ambacho karibu kwingine kote kimeshafutika, na ndani yake olivini za kijani zimekaa kama maharage, mviringo na laini. Zilikuwa na kona zilipong'olewa kotini. Zimesuguana zenyewe kwa zenyewe njia nzima hadi juu.