Kukagua risiti ya fedha kutoka Kenya: ada iliyoandikwa na makato yaliyomo ndani ya kiwango

Risiti ya fedha zilizotumwa kutoka nchi nyingine huwa na namba nne zinazopaswa kukubaliana: kiasi alichotoa mtumaji, ada, kiwango cha kubadilishia fedha na kiasi kilichomfikia mpokeaji. Watu wengi hutazama ile ya pili tu, kwa kuwa ndiyo iliyoitwa ada. Katika risiti ninazokagua kwa wafanyabiashara wa samaki hapa Mwanza, mara nyingi fedha kubwa zaidi huwa imebaki kwenye ile namba ya tatu, ambayo haijitambulishi kuwa ni makato.

Nitaeleza kwa mfano wa mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambaye ninamtunzia vitabu vya hesabu. Aliuza mzigo kwa mnunuzi wa Kisumu kwa shilingi 80,000 za Kenya. Mwanawe alitafuta kiwango cha siku hiyo kwenye simu, akakuta kila shilingi ya Kenya ni sawa na shilingi 19.20 za Tanzania, kwa hiyo akamwambia mama atarajie shilingi 1,536,000. Zilizoingia zilikuwa 1,473,120. (Namba nimezisawazisha ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na viwango hivi si vya leo.) Mama aliniambia, “Mwanangu, huyu mteja amenipunja,” nami nikamwomba asimpigie simu kabla sijaiona risiti yenyewe, aliyokwisha kutumiwa na mnunuzi kwa picha.

Risiti ilionyesha kiasi cha kutumwa 80,000, ada 800, kiwango 18.60 na kiasi cha kupokelewa 1,473,120. Kabla ya kuuliza kama kiwango hicho ni kizuri au kibaya, ni lazima kwanza kujua kama risiti inakubaliana na nafsi yake. Ada inaweza kukaa mahali pawili. Ikiwa imeongezwa juu, mtumaji hulipa 80,800 na zote 80,000 hubadilishwa, hivyo mpokeaji angepata 80,000 × 18.60 = 1,488,000. Ikiwa imetolewa ndani, zinazobadilishwa ni 79,200, na 79,200 × 18.60 = 1,473,120. Jibu la pili ndilo linalolingana na risiti. Kwa hiyo mnunuzi alitoa 80,000 kamili kama walivyokubaliana, na hakuna aliyechukua fedha njiani bila kuandika.

Hesabu hiyo isipolingana, usikimbilie kulaumu. Kampuni nyingi hukokotoa kwa desimali nne au zaidi lakini huchapisha mbili tu, na kwa 79,200 upungufu huo wa desimali unaweza kuleta tofauti ya hadi shilingi 396 za Tanzania, yaani 79,200 × 0.005. Tofauti iliyo chini ya hapo ni ya kukadiria desimali. Ikizidi, pana kitu kingine, na mara nyingi huwa ni kodi juu ya ada iliyoandikwa mstari wa chini kwa herufi ndogo. Kuna pia risiti zinazoandika kiwango kinyumenyume, kwamba shilingi moja ya Tanzania ni 0.0538 ya Kenya. Ukigawa 79,200 kwa 0.0538 utapata kama 1,472,119, pungufu kwa takriban elfu moja, ingawa kampuni haikukosea popote. Kiwango cha namna hiyo hakifai kukagulia. Ni afadhali ugawe kiasi kilichopokelewa kwa kiasi kilichobadilishwa ili upate kiwango halisi mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo tunapotafuta kile kilichofichwa. Tunahitaji kiwango cha kulinganishia, na mimi hutumia kile kinachotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, chenye bei ya kununua, bei ya kuuza na wastani wake. Nachukua wastani wa tarehe iliyo kwenye risiti, si wa siku niliyoletewa karatasi, na kama fedha zilitumwa Jumapili nachukua wa siku ya kazi iliyotangulia. Lazima niseme kwamba wastani si bei ambayo mtu wa kawaida huuziwa. Ni alama ya katikati ya kupimia, na kampuni yoyote itakaa upande mmoja wa alama hiyo kwa sababu nayo hununua fedha na kubeba hatari ya bei kubadilika. Tunachopima ni umbali wake kutoka katikati.

Kwa wastani wa 19.20, kiwango cha 18.60 kimepungua senti 60 kwa kila shilingi ya Kenya, ambayo ni takriban asilimia 3.1. Jumla ya upungufu wa mama ilikuwa 62,880, na inagawanyika hivi: ada ya 800 ina thamani ya shilingi 15,360 za Tanzania, na zile senti 60 kwa shilingi 79,200 zilizobadilishwa ni 47,520. Hivyo ada iliyoandikwa ilikuwa asilimia 1 tu, na kiwango kikachukua zaidi ya mara tatu yake. Benki ya Dunia nayo, inapopima gharama za kutuma fedha duniani, hujumlisha ada na tofauti ya kiwango pamoja, kwa sababu ukiacha mojawapo huwezi kulinganisha kampuni mbili.

Chukua kampuni inayojitangaza kuwa haitozi ada, kwa kiwango cha 18.50. Kwa 80,000 italeta 1,480,000. Nyingine inatoza ada ya 2,000, ambayo wengi wataikimbia, lakini kiwango chake ni 19.05, na 78,000 × 19.05 ni 1,485,900. Yenye ada kubwa ndiyo iliyoleta fedha nyingi zaidi. Lakini ukituma 10,000 tu, isiyo na ada inaleta 185,000 na yenye ada inaleta 152,400. Kwa hiyo namba ya kuulizia kabla ya kutuma ni moja: kwa kiasi hiki hasa, mpokeaji ataingiziwa shilingi ngapi?

Neno “ataingiziwa” lina kazi yake. Makato ya kutoa fedha kwa wakala wa Mwanza hayamo katika risiti ya mtumaji, na mtu akilinganisha risiti na noti alizohesabu mkononi atadhani kuna wizi usiokuwapo. Linganisha risiti na ujumbe wa simu unaothibitisha kuingia kwa fedha. Njia hii pia haitoshi kwa fedha zilizotumwa kwa benki zikiwa bado za kigeni, kwani benki ya mpokeaji ndiyo huzibadilisha. Hapo risiti ya mtumaji haina kiwango chochote, na ni lazima uombe hati ya malipo kutoka benki ya hapa.

Kwa mama wa Mwaloni, kitabuni niliandika mauzo 1,536,000, kisha ada na tofauti ya kiwango katika mistari miwili tofauti ya gharama. Mnunuzi hakudaiwa kitu, maana bei ilikuwa imetajwa kwa fedha za Kenya bila kusema nani atabeba makato. Mzigo uliofuata walikubaliana kwa kiasi cha kuingia Mwanza, 1,536,000. Kwa kampuni ileile na kiwango kilekile, mnunuzi angetakiwa kutoa 1,536,000 ÷ 18.60 + 800, yaani takriban shilingi 83,381 za Kenya. Alipoona namba hiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuulizia kampuni nyingine huko Kisumu.