Hasara ya dola 5 iliyogeuka dola 345: kujiwekea kufuli kabla ya biashara ya kisasi

Katika malalamiko tunayopokea dhidi ya mabroka wa fedha za kigeni mtandaoni, kuna moja linalojirudia. Mteja anasema akaunti yake "imeliwa" ndani ya siku moja na anataka broka achunguzwe. Tunaomba ripoti ya akaunti, na ripoti ikifika jibu mara nyingi limo humo humo. Oda zilifunguliwa na mteja mwenyewe, moja baada ya nyingine, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, muda mfupi baada ya hasara ya kwanza. Broka hakula kitu.

Oda hizo ndizo biashara za kisasi: treda amepigwa na soko, anarudi kulipiza. Tuchukue mfano tuufuate hesabu kwa hesabu.

Akaunti ina dola 500, jozi ni EURUSD, yaani yuro kwa dola, iliyo karibu na 1.10, na broka anatoa mkopo wa 1:400: kila dola 1 ya dhamana inashika biashara ya dola 400. Treda ana mpango mzuri kabisa: hahatarishi zaidi ya 1% kwa biashara moja, yaani dola 5. Saa nne asubuhi ananunua loti 0.02 na kuweka S/L, bei ambayo ikifikiwa biashara inajifunga yenyewe kwa hasara, umbali wa pipsi 25. Kwa EURUSD loti nzima, yaani yuro 100,000, ni dola 10 kwa kila pipsi, yaani kila 0.0001 ya bei, hivyo loti 0.02 ni senti 20, na pipsi 25 ni dola 5. Bei inashuka, S/L inagongwa saa nne na dakika arobaini. Dola 5 zimekwenda. Hadi hapa hakuna kosa lolote. Hiyo ni gharama ya kawaida ya kazi.

Dakika tatu baadaye ananunua tena, loti 0.10, bila S/L, kwa hoja kwamba ile ya kwanza ilimtoa mapema. Bei inaendelea kushuka pipsi 40 na anaifunga mwenyewe: dola 40. Saa tano na robo anageuka na kuuza loti 0.50. Bei nayo inageuka, inapanda pipsi 60, na dola 300 zinatoka. Akaunti imebaki na dola 155. Biashara iliyopangwa ilimgharimu dola 5. Mbili ambazo hazikupangwa zilimgharimu dola 340. Ili dola 155 zirudi kuwa 500 anahitaji faida ya takriban 223%, wakati hasara ya kwanza ingefutwa na faida ya 1% na chembe.

Angalia ile oda ya tatu. Kwa mkopo wa 1:400, loti 0.50 inashika dhamana ya dola 137 hivi, kwa hiyo jukwaa liliipokea bila kuuliza. Kuanzia Agosti 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, iliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha 30:1 kwa jozi kuu. Kwa kikomo hicho oda ileile ingehitaji dhamana inayozidi dola 1,800, nayo ingekataliwa papo hapo. Oda ya pili, hata hivyo, ingepita. Kanuni ya msimamizi inapunguza ukubwa wa jeraha, lakini mkono unaobonyeza haiwezi kuushika.

Tunasikia sana kauli ya "mimi nina nidhamu, hayo ni ya wanaoanza". Sivyo. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu aliye ndani ya hasara huwa tayari kubeba hatari ambayo angeikataa kama angekuwa na faida, kwa sababu anachokitafuta ni kurudi sifuri. Baadaye watafiti Coval na Shumway walichunguza treda wa kitaalamu wa Bodi ya Biashara ya Chicago kwa kumbukumbu za mwaka 1998. Waliopata hasara asubuhi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban 16%, wa kubeba hatari iliyozidi wastani mchana. Hao ni watu ambao hiyo ndiyo ajira yao. Kwa hiyo sheria unayojiandikia leo mchukulie atakayeifuata kuwa mtu mwingine, aliyekasirika, mwenye haraka, na mwerevu wa kutafuta mianya.

Kabla ya kuandika sheria, jipime kwanza. Kwenye MetaTrader 5 ya kompyuta fungua History, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Positions, kisha Report. Chukua biashara 30 za mwisho. Kwa kila biashara iliyofuata hasara, andika dakika zilizopita tangu hasara ifungwe, kiasi kilicho kwenye Volume, na kama sehemu ya S / L ina namba au iko wazi. Panga viasi vyote 30 kuanzia kidogo hadi kikubwa. Wastani wa viwili vya katikati, cha 15 na cha 16, ndio kiasi chako cha kawaida. Biashara iliyofunguliwa chini ya dakika 15 baada ya hasara, au kwa kiasi kinachozidi mara moja na nusu ya kawaida yako, au bila S/L, itie alama. Mwishoni jumlisha faida na hasara za zenye alama peke yake. Wengi hudhani mfumo wao wa kuingia sokoni ndio mbovu; jumla hiyo itakuonyesha kama ubovu uko huko au kwingine.

Sasa sheria ya kupoa. Sheria inayosema "nikikasirika nitapumzika" haifai kitu, kwa sababu aliyekasirika ndiye anayeulizwa kama amekasirika. Sheria inayofanya kazi huanzishwa na namba, ina muda uliotajwa, inasema nani au nini kinaisimamia, na inaeleza jinsi inavyofunguliwa.

Kwa akaunti ya mfano wetu tungeiandika hivi. S/L moja ikigongwa, hakuna oda mpya hadi mshumaa mzima wa muda ulio juu ya ule unaoutumia ufunguke na kufungwa. Anayefanya kazi kwenye M15, chati ya dakika 15, anasubiri mshumaa mzima wa H1, yaani wa saa moja. Tunapendelea mshumaa kuliko saa ya ukutani kwa sababu unampa soko nafasi ya kuonyesha kitu kipya. Dakika kumi za kukodolea macho chati ileile hazipoozi mtu. Hasara mbili mfululizo, au jumla ya 2% kwa siku, zinafunga siku. Jumla ya 5% kwa wiki inafunga wiki, na ukirudi biashara 10 za kwanza ni za nusu ya kiasi chako cha kawaida.

Siku inafunguka lini? Hapa ndipo sheria nyingi huvuja. Mtu aliyefungwa kwa siku hukaa macho hadi saa sita usiku, na dakika moja baadaye anadai ni siku mpya. Andika kwamba siku hufunguka saa mbili asubuhi, baada ya kulala.

Mwanya wa pili ni biashara zilizo wazi na oda zinazosubiri. Siku ikifungwa, oda zinazosubiri zifutwe zote. Biashara zilizo wazi zibaki na S/L zao jinsi zilivyo. Kuisogeza S/L mbali ni biashara ya kisasi iliyovaa nguo nyingine. Mwanya wa tatu ni akaunti ya pili kwa broka mwingine, kwa hiyo asilimia zote zihesabiwe kwa jumla ya akaunti zako zote. Na anayesema atapoa kwa kucheza akaunti ya demo bado yuko mbele ya chati ileile, akitafuta ushahidi kwamba alikuwa sahihi.

Kwa wasomaji wa Kenya mwanya mkubwa kuliko yote uko kwenye simu. Kuweka pesa kwa M-Pesa ni kazi ya dakika chache, na salio likiisha Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ipo. Kwa hiyo weka kanuni ya amana: hakuna kuongeza pesa ndani ya siku 7 baada ya siku iliyofungwa kwa hasara, na hakuna amana inayotoka kwenye mkopo, wakati wowote. Msimamizi wa kanuni hii asiwe wewe peke yako. Ondoa programu ya broka kwenye simu na ubaki na kompyuta tu, na muulize broka kwa maandishi kama anaweza kukuwekea kikomo cha hasara cha siku ambacho huwezi kukiondoa siku hiyo hiyo. Akikataa, angalau umejua.

Orodha ya kabla ya biashara inakuja baada ya kufuli. Kazi yake ni kuchelewesha kidole kwa dakika mbili na kudai majibu yasiyobishaniwa. Swali la "je, nimetulia?" lifute, kila mtu hujibu ndiyo. Ziandikwe kwa mkono, kwenye karatasi, kabla ya dirisha la New Order kufunguliwa:

- Biashara ya mwisho ilifungwa saa ngapi, na kwa kiasi gani?
- Hasara ya leo na ya wiki hii ni asilimia ngapi?
- Bei ya kuingia niliiandika saa ngapi? (Kama ni baada ya hasara ya mwisho na kabla ya mshumaa wa kupoa kufungwa, acha.)
- S/L iko kwenye bei gani, pipsi ngapi?
- Loti inayotoka kwenye fomula ni ngapi?

Swali la tatu ndilo lenye meno. Bei iliyoandikwa kabla ya hasara imetoka kwenye mpango. Iliyoandikwa dakika tatu baada ya hasara imetoka kwenye hasira, hata chati ikionekana nzuri vipi. Kwa siku yenye kupoa kwa mshumaa wa H1, kupanga upya kunaruhusiwa mshumaa huo ukishafungwa, na muda uandikwe. Fomula ya swali la mwisho kwa EURUSD ni hii:

```
loti = hasara_ya_ruhusa / (pipsi_za_SL * 10)
     = 5 / (25 * 10) = 0.02
```

Ile 10 ni thamani ya pipsi moja kwa loti nzima. Kwa jozi za yeni na kwa dhahabu namba hiyo hubadilika, kwa hiyo isome kwenye maelezo ya bidhaa na usiikisie. Ukitumia hasara ya ruhusa ya 1%, ile loti 0.50 ya mfano wetu ingetaka S/L ya pipsi moja tu, na hapo karatasi ingekuwa imeshakataa.

Ukivunja sheria mara moja, funga siku, hata kama umepata faida. Hasa kama umepata faida, kwa sababu kisasi kilicholipa kitarudi wiki ijayo na loti kubwa zaidi.

Kuhusu malalamiko yenyewe. Kenya ina kanuni za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni tangu 2017, na broka aliyepewa leseni anawajibika kwa mambo yanayopimika: bei aliyotekeleza oda, pesa za mteja, kucheleweshwa kwa malipo. Anza kwa kumwandikia broka mwenyewe na utunze jibu lake. Likikosa kukuridhisha, tuletee barua zote mbili, ripoti kamili ya akaunti ya siku husika, nambari ya tiketi ya kila oda unayoilalamikia, na picha ya skrini yenye saa. Kwa kila tiketi eleza kipi hakikwenda sawa: bei, muda au malipo. Tiketi ambayo maelezo yake ni "nilitaka kurudisha hasara" hatuna cha kuichunguza.