Faida ya laki saba iliyoshindwa kurudisha mifuko ya saruji

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani: "Mhasibu, umeniambia nimepata faida laki saba. Nimeitoa yote nikalipa ada za watoto. Mbona sasa hela ya mzigo haitoshi?"

Nikafungua leja yake ya saruji. Alianza na mifuko 100 ya shilingi 14,000. Akaongeza 100 kwa 15,000, kisha 100 kwa 16,000, maana bei ilikuwa inapanda kila gari likija. Baada ya hapo akauza mifuko 200 kwa 18,000, akapata 3,600,000.

Hesabu zake nilizipiga kwa njia ya cha kwanza kuingia, cha kwanza kutoka. Mifuko 200 iliyouzwa ikabeba bei za zamani, yaani 1,400,000 na 1,500,000, jumla 2,900,000. Faida ikawa 700,000, na mifuko 100 iliyobaki ikasimama vitabuni kwa 1,600,000, karibu kabisa na bei ya sokoni.

Kwa njia ya wastani, unajumlisha gharama zote, 4,500,000, unagawa kwa mifuko 300, kila mfuko unakuwa 15,000. Mauzo yanabeba 3,000,000, faida 600,000, stoku 1,500,000.

Sasa tazama dukani. Akitoa laki saba anabaki na 2,900,000, na kwa bei ya 16,000 zinanunua mifuko 181 tu badala ya 200 iliyoondoka. Angetoa laki sita angepata 187. Kurudisha mifuko yote 200 kunadai 3,200,000, kwa hiyo alichoweza kutoa bila kulipunguza duka ni laki nne. Zile laki tatu zilizozidi zilitokana na mzigo kununuliwa kabla bei haijapanda. Ni faida halali vitabuni, lakini mzigo mpya unaidai. Wastani hupunguza tofauti hiyo, hauiondoi.

Wapo wanaodhani njia ya kwanza huzaa faida zaidi moja kwa moja. Hapana. Mifuko 100 iliyobaki ikiuzwa kwa 18,500, njia ya kwanza inatoa faida ya 250,000, wastani 350,000. Jumla ya vipindi viwili ni 950,000 kote. Kinachobadilika ni wakati wa faida kuonekana, na kwa kampuni, wakati wa kuilipia kodi. Ila bei zikiendelea kupanda na stoku haiishi, kuahirishwa kwa faida kunakoletwa na wastani hudumu miaka.

Saruji yenyewe ghalani lazima itoke ya zamani kwanza, la sivyo inaganda. Hilo halikulazimishi kuihesabu hivyo: kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinakubali njia zote mbili kwa bidhaa zinazofanana. Ukichagua moja, baki nayo mwaka hadi mwaka.

Yule mama tulibaki na njia ileile. Siku hizi, chini ya faida, namwandikia mstari mmoja zaidi: bei ya leo ya kurudisha mifuko iliyouzwa.