Antara hakukosea mizani, acheni kumsahihisha

Wiki iliyopita kwenye grupu moja la WhatsApp mtu kaweka beti ya kwanza ya Mu'allaqa ya Antara bin Shaddad, kahesabu silabi, akakuta nusu ya kwanza ina 14 na nusu ya pili ina 13, basi akatangaza kwamba Antara "ameteleza mizani". Halafu, ndugu zangu, akamrekebishia! Akamwongezea "wa" mwanzoni mwa nusu ya pili ili zitimie 14. Mshairi wa karne ya 6, qasida yake inasomwa mpaka leo, amesubiri miaka yote hiyo aje kuongezewa "wa" na mtu wa Android.

Mwingine akamjibu kuwa hakuna kosa, ziko 14 pande zote, yeye kahesabu vizuri. Naye kakosea pia, na kosa lake ndilo tamu zaidi, nitalirudia.

Hii ni mara ya ngapi sijui. Kila muhula napata mwanafunzi anayekuja na imani hiyohiyo, kwamba mizani ni mizani, shairi letu lina 8 kwa 8 kila mshororo, utenzi una 8 kila kipande, basi na Mwarabu naye atakuwa na namba yake, kazi ni kuitafuta. Neno tumelichukua kwao kweli, lakini kazi yake tumeibadilisha. Sisi tunahesabu vichwa. Wao wanapanga foleni, nani mfupi nani mrefu na nani anamfuata nani. Foleni ikikaa sawa, idadi inaweza kupungua na hakuna anayestuka.

(Na kabla sijaulizwa: beti ya Kiarabu ni mstari mmoja wenye nusu mbili, siyo ubeti wetu wa mishororo minne. Tusonge.)

Silabi fupi ni konsonanti na irabu fupi, basi: da, ra, mu. Ndefu ziko za namna mbili, na hapa ndipo watu wanaponichosha. Ya kwanza ni yenye irabu ndefu, kama ghaa au daa, hiyo kila mtu anaielewa kwa sababu unavuta sauti. Ya pili ni silabi iliyofungwa kwa konsonanti, kama hal, min, raf, hata kama irabu yake ni fupi kabisa na huvuti kitu. Hal ni ndefu. Min ni ndefu. Kwenye mizani zina uzito uleule wa ghaa.

"Lakini ustadhi mbona sivuti?" Huvuti, sawa, nani amekuambia uvute? Urefu wa arudhi siyo kuvuta, ni nafasi ambayo silabi inachukua kabla ya nyingine kuanza. Ukisema hal, mdomo unafika kwenye l, unafunga, ndipo unaendelea, na kule kufunga kumekula muda. Mimi siku hizi nimeacha kusema "ndefu" darasani, nasema "nzito", maana neno ndefu linawapeleka watu moja kwa moja kwenye maulidi, kwenye kuvuta, na huko wanapotea.

Tatizo kubwa ni sikio letu. Kiswahili hakipendi silabi iliyofungwa, kikikopa neno la Kiarabu kinalipasua na kulitia irabu katikati. Waqt imekuwa wakati, 'aql imekuwa akili, fikr wengine wanasema fikira. Sisi tumezoea na hakuna ubaya, ni lugha yetu, lakini mtu akipeleka mdomo huohuo kwenye qasida anaua mizani bila kujua. 'Aqlun kwa Mwarabu ni silabi mbili, nzito na nzito. Akili kwetu ni tatu na zote nyepesi. Sasa hapo ulichosoma ni mdundo mwingine kabisa.

Yule jamaa wa pili kwenye grupu aliangukia hapohapo. Neno ba'da lina silabi mbili, ba' iliyofungwa kwa 'ayn, halafu da. Yeye kalisoma baada, kama tunavyosema kila siku, akahesabu ba-a-da, tatu, na 13 yake ikageuka 14. Yaani kafika kwenye namba aliyokuwa anaitamani kwa kumfanya Antara aongee Kiswahili.

Tuipasue beti yenyewe basi. Naandika kama inavyosikika, maana arudhi haijali maandishi, herufi isiyotamkwa haihesabiwi na shada ni konsonanti mbili. Irabu ndefu naziandika mara mbili. N ni nzito, F ni fupi.

hal ghaadarash shu'araa'u min mutaraddamii
am hal 'araftad daara ba'da tawahhumii

Maana yake kwa kifupi, je washairi wameacha popote pa kutia kiraka, au wewe umeitambua ile nyumba baada ya kubahatisha. Sasa vipande:

hal-ghaa-da-rash: N N F N
shu-'a-raa-'u-min: F F N F N
mu-ta-rad-da-mii: F F N F N

am-hal-'a-raf: N N F N
tad-daa-ra-ba': N N F N
da-ta-wah-hu-mii: F F N F N

Ona kwanza kwamba vipande havijali neno linaishia wapi. Ta ya 'arafta imeng'oka kwa mwenyewe ikaenda kushikana na d ya ad-daara, ikawa tad, nzito. Da ya ba'da imevuka kwenda kipande cha tatu. Anayekata kwa maneno hafiki popote.

Bahari hii, yaani aina hii ya foleni, inaitwa kamil, na kipande chake ni mutafaa'ilun, F F N F N, mara tatu kila nusu. Ukiangalia hapo juu utaona kuna vipande vya aina mbili, chenye silabi tano na chenye nne, na vinabadilishana bila kuombana ruhusa. Siri iko mwanzoni, silabi fupi mbili zinaruhusiwa kukaa, au nafasi yao ichukuliwe na nzito moja. F F inakuwa N. Nusu ya kwanza ya Antara imefanya hivyo mara moja, 15 ikawa 14. Nusu ya pili imefanya mara mbili, 15 ikawa 13. Hajateleza, katumia haki yake.

Na ile "wa" ya jamaa? Itie uone: wa-am-hal-'a-raf, F N N F N. Silabi tano kweli, namba imetimia, lakini kamil inataka F F N F N. Nzito imekaa nafasi ya pili pasipo pake, na kipande hicho kamil haikijui. Kaongeza silabi ili kuponya mizani na hiyo silabi ndiyo iliyoivunja. (Sarufi ya "wa am" sitaki hata kuigusa.)

Kwa nini mwanzo unabadilika na mwisho haubadiliki? Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa Basra wa karne ya 8 ambaye asili ya ukoo wake ni Azd wa Oman, alilieleza hili kwa hema. Bayt ni nyumba, na nyumba ya jangwani ni hema, hema lina kamba na vigingi. Sabab ni kamba, watad ni kigingi. Kwenye mutafaa'ilun, muta ni kamba, faa ni kamba, na 'ilun, yaani F N ya mwisho, ni kigingi. Kamba unaweza kuilegeza, upepo ukivuma inacheza. Kigingi ukikigusa hema linaanguka. Rudi kwenye vipande sita pale juu uangalie silabi mbili za mwisho za kila kimoja: F N, F N, F N, mpaka mwisho, hakuna hata kimoja kilichotikisika. Mimi nikipewa beti nisiyoijua nayatafuta kwanza mafungu haya ya F N yanayojirudia kwa umbali uleule, silabi nahesabu mwisho kabisa au sihesabu.

Sasa niungame. Hii habari ya silabi nzito na nyepesi siyo ya Khalil. Yeye hakuwa na silabi, alikuwa na herufi yenye haraka, yaani yenye irabu, na herufi yenye sukuni, isiyo na irabu, na kule kulegeza kamba ni kuitia ta ya muta sukuni ikawa mut. Mimi natumia silabi kwa sababu wanafunzi wangu wanazo tayari kichwani, lakini najua ninachopoteza, maana ukisema "fupi mbili ni sawa na nzito moja" inasikika kama sheria ya hesabu inayofanya kazi kila mahali, na siyo. Ukienda nayo kwenye bahari ya tawil ukabadilisha fupi mbili kwa nzito moja utafukuzwa. Tawil kwa kawaida ina silabi 14 kila nusu, na nadhani huko ndiko imani ya "14" ilikotoka, mtu kajifunza qifaa nabki min dhikraa ya Imru' al-Qays kwanza akafikiri dunia yote iko hivyo.

Jingine linalonisumbua ni hili. Kamil ikibadilisha kila F F kuwa N, kila kipande kinabaki N N F N, na hicho ni mustaf'ilun, kipande cha rajaz. Nusu nzima ukiisikia peke yake huwezi kujua ni bahari gani. Kanuni ni kwamba ukikuta mutafaa'ilun kamili hata moja tu popote kwenye qasida, basi yote ni kamil. Sawa, lakini msikilizaji pale anaposikia beti ya kwanza hana qasida yote mkononi. Anasikia nini? Vitabu vinapita hapo kama gari la mwendokasi.

Na Burda tunavyoisoma pwani, mahadhi yanavuta irabu fupi na kukimbiza ndefu kwa raha zake, bahari yake ya basit huisikii kwenye mahadhi hata ukitega sikio, inabidi uisome kavukavu. Nimeshakaa kwenye maulidi najaribu kupiga vidole F na N gotini, nikapotea beti ya tatu.

Nilipoweka uchambuzi huu kwenye grupu, yule wa "wa" akanijibu usiku: "Ustadhi, mbona mwisho umeandika mii na humii wakati kwenye kitabu ni mi?" Swali zuri, la kwanza zuri tangu Jumatatu. Irabu ya mwisho wa beti ikisomwa inashibishwa, inahesabiwa ndefu hata ikiandikwa fupi, na hapa nusu ya kwanza nayo inashibishwa kwa sababu ni beti ya ufunguzi na nusu zote mbili zina kina kimoja. Akatuma dole gumba. "Wa" yake hajaifuta mpaka sasa.