Sauti ya mwanamke transjenda: kupandisha peke yake hakutoshi

Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Mtu hujua sauti yake imepokelewaje pale anapoitwa kaka, bro, dada, sista au mama. Kwenye simu, ambako hakuna uso wala nguo, sauti ndiyo inayoamua peke yake. Ndiyo maana wengi huanza mazoezi kwa haraka, na ndiyo maana wengi huyaanza vibaya.

Dhana: homoni zitailainisha sauti.

Hazifanyi hivyo kwa mtu aliyekwisha kubalehe. Testosteroni ya balehe huzirefusha na kuzinenepesha nyuzi za sauti, tena hulikuza koromeo lenyewe. Estrojeni haiwezi kuirudisha gegedu iliyokwisha kukua. Dhana hii huenda inatokana na wanaume transjenda, maana wao wakitumia testosteroni sauti hushuka kweli. Njia hiyo ni ya kwenda tu, haina kurudi. Aliyezuia balehe kabla sauti haijavunjika yuko kwenye hali nyingine kabisa.

Dhana: ongea juu, basi umemaliza.

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, hupimwa kwa mitetemo ya nyuzi kwa sekunde, na programu za simu za kupimia ala za muziki huionyesha kama Hz. Wanaume wengi huongea karibu na 100 hadi 140, wanawake wengi karibu na 180 hadi 220, na katikati, kuanzia kama 145 hadi 175, pana eneo ambalo msikilizaji hawezi kuamua kwa kidatu pekee.

Anachoamulia ni mwangwi. Kutoka kwenye nyuzi hadi midomoni kuna bomba la kama sentimita 17 kwa mwanamume wa kawaida, na kama 14 na kitu kwa mwanamke. Bomba refu hutoa sauti nzito, yenye kiza. Fupi hutoa sauti nyepesi, angavu. Piga chupa tupu ya lita moja na ya nusu lita, utaisikia tofauti hiyo. Sasa mtu akipandisha kidatu na kuliacha bomba lilivyo, husikika kama mwanamume anayeigiza mwanamke. Mwenye 175 na mwangwi mfupi mara nyingi huitwa dada mapema kuliko mwenye 220 na mwangwi mrefu.

Bomba hufupishwa kwa mambo mawili: koromeo kupanda kidogo, na ulimi kusogea mbele. Weka kidole kooni umeze mate. Kile kinachopanda ndicho koromeo. Usijaribu kulishikilia huko juu kwa nguvu. Meza mara moja tu ili ulijue, kisha uache vokali zifanye kazi. Sema "iii" ukiwa umetulia: ulimi umekwenda mbele wenyewe na koromeo limefuata. Sema "uuu": ulimi umerudi nyuma, koromeo limeshuka. Zoezi zima ni kuuchukua mkao wa "i" na kuuhamishia kwa wenzake: i-e, i-e, kisha i-e-a, na mwisho i-o na i-u, ambazo ndizo ngumu. Vokali zetu ni tano tu na kila moja hutamkwa kamili, kwa hiyo Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii. Maneno yenye i na e nyingi, kama "mimi", "mbili", "siendi", "kinyesi" (cheka, lakini linafaa), huja mwanzo. "Kuku", "ukubwa" na "bomu" husubiri wiki za mbele.

Kuna njia ya kuusikia mwangwi bila kidatu kukuchanganya: nong'ona. Mnong'ono hauna kidatu, una mwangwi tu. Hema kama jibwa kubwa, kisha kama kijibwa kidogo, mara nne au tano, usikie hewa inavyobadilika rangi. Usizidishe hapo, maana kunong'ona kwa muda mrefu nako huchosha koo.

Dhana: koo likiuma, mazoezi yanafanya kazi.

Hapana. Misuli ya mguu inaweza kuuma baada ya kukimbia, lakini nyuzi za sauti hugongana mamia ya mara kwa sekunde; zikibanwa huvimba, na zikiendelea kubanwa huota vinundu. Dalili za kubana ni kukohoa katikati ya zoezi, mkwaruzo, sauti kukatika ghafla, au kuhisi kitu kimekwama kooni. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kidevu ukiongea: pakiwa pagumu kama ubao, mzizi wa ulimi unakandamiza. Teremsha kidatu, punguza nguvu, uanze tena.

Tuchukue mtu ambaye simu inamwonyesha 115 akiongea kawaida. Akirukia 220 siku ya kwanza, karibu lazima aingie kwenye sauti ile nyembamba ya kuigiza, isiyo na nguvu wala uwezo wa kuita konda. Aanze na 150. Kwanza dakika mbili za mrija: mrija wa kawaida wa soda, chupa yenye maji nusu, ncha ya mrija sentimita 2 au 3 ndani ya maji, apulize huku akitoa "uuu" inayopanda na kushuka kama king'ora. Mapovu yasikatike. Shinikizo la maji hurudi nyuma na kuziweka nyuzi mbali kidogo, zisigongane kwa nguvu. Kisha dakika tatu za i-e-a kwa kidatu hicho, na dakika tatu za sentensi moja, mathalani "Naomba mchele kilo mbili", akijirekodi. Asikilize baada ya kupumzika, si wakati anatoa sauti, maana fuvu la kichwa humdanganya kila mtu kuhusu sauti yake.

Dakika nane hizo, mara mbili au tatu kwa siku, zinashinda saa nzima kwa mkupuo. 150 ikimkaa bila kubana kwa wiki mbili, apande hadi 165, kisha karibu na 180. Wengi huhitaji miezi, si wiki, kabla sauti haijatoka yenyewe pasipo kuifikiria. Akiwa na mafua au koo limekauka, aache siku hizo.

Dhana: tangawizi, ndimu na asali hulainisha nyuzi.

Unachomeza hupita njia ya chakula. Kikigusa nyuzi, utapaliwa. Maji husaidia kwa kuupa mwili wote unyevu, taratibu. Mvuke wa maji ya moto ndio unaofika kwenye nyuzi moja kwa moja.

Dhana: upasuaji hukuepusha na mazoezi.

Upasuaji uliozoeleka hushona sehemu ya mbele ya nyuzi ili kipande kinachotetema kiwe kifupi. Kidatu hupanda, mwangwi hubaki ulivyokuwa, na nguvu ya kupaza sauti huweza kupungua. Kwa hiyo kazi ya vokali inabaki palepale.

Kinachochelewa kuliko vyote ni kicheko, kikohozi na kupiga kelele kwa mshtuko, kwa sababu hutoka kabla mtu hajafikiri. Kicheko hufundishika: kianze kwa "hi" badala ya "ha", mdomo ukiwa kwenye tabasamu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu hata baada ya kupumzika, acha mazoezi, umwone daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi kwa kamera. Kwa macho ya nje hazionekani.